Kikao cha kesho Jumanne 28 Julai kimeahirishwa: nafasi tatu za kuchagua

Mama Kulwa, shikamoo.

Kesho saa 4:00 asubuhi sitaweza kufika Mwaloni kwa kikao chetu cha chumba chako cha baridi cha samaki. Najua umeshamwambia kaka yako na mtunza hesabu wako wajipange, na taarifa hii inakufikia jioni ya kuamkia siku yenyewe. Naomba radhi kwa nyote watatu.

Mteja wetu upande wa Sengerema amepiga simu leo saa 11 jioni. Kompresa ya friza lake imeungua mota, na kila akirudisha swichi kuu inakatika papo hapo. Ndani kuna sangara tani tatu. Kipimo kilikuwa kinasoma nyuzi 18 chini ya sifuri asubuhi. Tulipoongea kilikuwa kimefika 11 chini ya sifuri, na mlango hawajaufungua. Jina lake nalihifadhi, kama ambavyo lako nisingelitaja kwake.

Nafasi nilizokutengea ni hizi:

1. Alhamisi 30 Julai, saa 9:30 alasiri hadi saa 11:00 jioni, hapo hapo stoo kwako Mwaloni. Mnada unakuwa umetulia na magari ya barafu yameondoka.

2. Ijumaa 31 Julai, saa 3:00 hadi saa 4:30 asubuhi, karakana kwetu Igogo. Nimeiweka mapema ili kaka yako awahi swala ya Ijumaa bila kukimbizana. Faida ya huku ni kwamba mtaona vipande vya paneli vya unene wote na kuvishika.

3. Jumatatu 3 Agosti, saa 4:00 hadi saa 5:30 asubuhi, stoo kwako.

Jumamosi sikuiweka kwa sababu ni tarehe 1, na najua unafunga hesabu za mwezi. Saa zote ni za Kiswahili. Mwaliko utakaoingia kwenye simu ya mtunza hesabu utaandika 15:30, 09:00 au 10:00. Ni saa zile zile, asije akaona 10:00 akafika stoo saa 10 jioni... tumeshawahi kupishana hivyo na mteja mwingine.

Nijibu kwa Wotsapu kwa namba tu, 1, 2 au 3, kabla ya Jumatano saa 6:00 mchana. Mpaka hapo nafasi zote tatu ni zako, hakuna mwingine nitakayempa. Nisipopata jibu nitakupigia, sitakuchagulia siku. Kama zote hazikufai, niandikie siku mbili zinazokufaa kuanzia Jumanne tarehe 4 hadi Alhamisi tarehe 6. Baada ya hapo tunaingia kwenye Nane Nane na watu ni wagumu kupatikana.

Utajiuliza kwa nini nisije kesho hiyo hiyo jioni, maana Sengerema si mbali. Zamani ningesingizia foleni ya kivuko cha Kigongo, lakini daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kwa hiyo barabara haina kosa. Kinachonikalisha ni kazi yenyewe. Mota ikiungua, mafuta yanageuka asidi na kusambaa kwenye mabomba yote. Ukifunga kompresa mpya juu ya uchafu ule nayo inaungua ndani ya wiki chache. Kesho tutavuta gesi ya zamani kwenye mtungi wake, tutasafisha mabomba, tutaweka draya mpya na kuchomelea. Kisha tunajaza nitrojeni na kuiacha usiku kucha, saa 12 nzima, tuone kama presha inashuka. Jumatano asubuhi, ikiwa imekaa, tunavuta vakyum hadi chini ya mikroni 500, na mfumo ulioingiwa na unyevu hauharakishwi hapo. Gesi ya R404A inapimwa kwa mizani na kuingizwa ikiwa kimiminika, halafu tunasubiri baridi irudi. Nikihesabu vizuri, nitavuka daraja kurudi Jumatano usiku.

Kinachoweza kuharibu hesabu hiyo ni kimoja: presha ikikutwa imeshuka Jumatano asubuhi, tutatafuta tundu na kurudia jaribio usiku mwingine. Hilo likitokea utajua kabla ya saa 3:00 asubuhi siku hiyo hiyo, na nafasi ya Alhamisi itakufa. Ijumaa na Jumatatu hazitikisiki kwa vyovyote.

Kazi yako nayo haitalala. Kijana wangu Juma, yule aliyekuja mara ya kwanza, atafika stoo kesho saa 4:00 kama ilivyopangwa. Hatazungumzia bei wala mkataba. Atapima chumba (kwenye makadirio tumeandika mita 4 kwa 3, kimo mita 2.5, nataka uhakika wa kila ukuta), mteremko wa sakafu kuelekea kwenye bomba la maji machafu, na urefu wa waya kutoka mita ya umeme hadi itakapokaa kompresa. Tafadhali mwachie mtu mwenye funguo ya kisanduku cha mita.

Atarudi tena saa 1:30 usiku kwa dakika kumi tu. Hapo ndipo mtaa mzima umewasha taa na majiko, na umeme unapungua nguvu. Kompresa tuliyokuandikia inataka volti 400 kati ya fezi na fezi. Ikishuka chini ya 360 inapata joto na mwisho wake ni kama huyu wa Sengerema. Akisoma chini ya hapo itabidi tuongeze kifaa cha kuikata mashine yenyewe umeme ukidhoofika, na gharama yake nitakuletea kwenye kikao, si baadaye.

Jambo ambalo ningependa mlizungumze nyumbani kabla hatujakutana ni lile lililobaki wazi: chumba kiwe cha kupooza samaki, nyuzi 0 hadi 2, au cha kugandisha, nyuzi 18 chini ya sifuri? Swali si la mashine peke yake. Cha kupooza kinatosha kwa paneli za milimita 80, na sakafu yako ya sasa tunaweza kuitumia. Cha kugandisha kinataka milimita 100 kwenda juu na sakafu yenye kihami, la sivyo ardhi chini yake itaganda, itavimba na kupasua zege. Kama samaki wako hakai zaidi ya siku tatu kabla ya kuondoka, mimi kwa maoni yangu kugandisha ni kujitwisha bili ya umeme bure. Lakini wewe ndiye unayewajua wanunuzi wako. Mtunza hesabu aje na kilo zilizoingia na kutoka kila siku kwa mwezi huu wa Julai, hata kama ziko kwenye daftari tu.

Makadirio niliyokupa yalikuwa yanaisha tarehe 31 Julai. Kwa kuwa ucheleweshaji ni wangu, bei zile zile zinabaki hadi Ijumaa 14 Agosti. Malipo ya awali usiyatume mpaka tumekaa.

Kesho mchana nikiwa chumba cha mashine huenda simu yangu isisikike. Likiwa la haraka mpigie Juma, atanifikia.

Wasalimie wote hapo Mwaloni.

Baba Neema
Fundi mkuu wa majokofu, karakana ya Igogo, Mwanza
Jumatatu, 27 Julai 2026, saa 12:40 jioni