Fatwa za maiti, figo za walio hai

Muulize padri, sheikh au rabi kama dini yake inaruhusu kuchangia kiungo cha mwili, na mara nyingi utajibiwa kwamba inaruhusu, tena inasifu. Mkristo atakusomea Yohana 15:13, kwamba hakuna upendo ulio mkubwa kuliko wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Mwislamu atakusomea Al-Maida aya ya 32, kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Ukiishia hapo utadhani dini hazina la kubishania.

Ubishi upo, ila umejificha kwenye maswali mawili: mwili huu ni mali ya nani, na mtu huhesabiwa amekufa saa ngapi. La pili ndilo lililomaliza wino wa wanazuoni kwa zaidi ya miaka hamsini. Hoja yangu ni kwamba kwetu Afrika Mashariki, ambako figo hutolewa na ndugu aliye hai, swali hilo la pili bado liko mbali. Linalotugusa limeandikwa katika vifungu ambavyo wasomaji wengi hupita navyo haraka.

Tuanze na Kanisa Katoliki, kwa kuwa matamko yake ni rahisi kufuatilia kwa tarehe. Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ilitoka kwa pacha kwenda kwa pacha mwenzake, Boston, Desemba 1954. Daktari Joseph Murray aliwauliza viongozi wa dini mbalimbali kabla ya kushika kisu, na alikuwa na sababu. Maadili ya Kikatoliki ya wakati ule yaliruhusu kukata kiungo kwa faida ya mwili wenyewe: mguu wenye donda ndugu unakatwa ili mwenye mguu apone. Je, kiungo kizima cha mtu mzima wa afya kikikatwa kwa faida ya mwili mwingine? Baadhi ya wanateolojia waliona huko ni kujilemaza. Mjesuiti Gerald Kelly alikuwa miongoni mwa waliotetea kwamba upendo kwa jirani unaweza kuhalalisha, mradi mtoaji asipoteze kazi ya msingi ya mwili wake.

Mwaka 1956 Papa Pio wa 12 alizungumzia konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, zinazotolewa kwa maiti, na mwaka uliofuata akawaambia madaktari wa ganzi na usingizi kwamba kutambua wakati wa kifo ni kazi ya daktari. Kauli hiyo ilikuja kuwa na uzito ambao pengine yeye mwenyewe hakuutarajia. Tarehe 29 Agosti 2000, Papa Yohane Paulo wa Pili alihutubia mkutano wa kimataifa wa wapandikizaji mjini Roma, akasema kipimo cha kifo kinachotazama kukoma kabisa, bila kurejea, kwa shughuli zote za ubongo hakionekani kupingana na mafundisho sahihi kuhusu mwanadamu, kikitumiwa kwa makini. Daktari anachohitaji, alisema, ni uhakika wa kimaadili. Katekisimu, kifungu cha 2296, inasifu kutoa viungo baada ya kifo kuwa ni tendo adhimu, na papo hapo inakataa kiungo kuchukuliwa pasipo ridhaa ya wazi ya mwenyewe au ya anayemsemea.

Si Wakatoliki wote walioridhika. Mwanafalsafa Robert Spaemann alipinga kumwita maiti mtu ambaye mwili wake bado una joto na moyo unapiga. Daktari wa mishipa ya fahamu Alan Shewmon, Mkatoliki aliyewahi kukiunga mkono kipimo cha ubongo, alikigeuka baada ya kuchunguza wagonjwa ambao miili yao iliendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Papa Benedikto wa 16, akizungumza Novemba 2008, alikisifu kitendo cha kutoa kiungo lakini akaonya kwamba penye shaka tahadhari itangulie.

Upande wa Uislamu hakuna ofisi moja inayosema kwa niaba ya wote, na hilo wengi hulisahau wanaposema "Uislamu unaruhusu". Kilicho karibu zaidi na kauli ya pamoja ni maazimio ya Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa sheria kutoka nchi mbalimbali. Amman, 1986, azimio namba 17 lilisema mtu huhesabiwa amekufa kisheria kwa moja ya alama mbili: moyo na pumzi vikikoma moja kwa moja, au kazi zote za ubongo zikikoma na ubongo ukaanza kuharibika. Baraza la Fiqhi la Makka halikufuata mkondo huo. Mwaka 1987 liliruhusu mashine zizimwe, ila hukumu ya kifo ingoje moyo na pumzi visimame. Familia mbili za Kiislamu zenye ucha Mungu uleule zaweza basi kusimama mbele ya kitanda kimoja, moja ikaona maiti na nyingine ikaona mgonjwa, na kila moja ikawa na wanazuoni wake.

Kuhusu mwenye mwili, hoja kali zaidi ya upinzani aliitoa Sheikh Muhammad Metwalli al-Sha'rawi wa Misri, ambaye sauti yake ilifika mbali kwa televisheni na kanda. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na usichokimiliki huwezi kukitoa sadaka. Wapinzani hutaja pia hadithi ya Bi Aisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliyekuwa Mufti wa Misri kisha Sheikh wa Al-Azhar, alikubali msingi uleule wa amana na bado akaruhusu, kwa kuwa dharura ya aliye hai ina uzito. Naona hoja ya amana, ukiitazama vizuri, haikatai wala haikubali yenyewe. Mwenye kushika amana huulizwa aliitumiaje, na kuiacha ioze udongoni nako ni jibu linalohitaji kutetewa.

Wayahudi wana kanuni ya kuokoa uhai inayovunja karibu kila katazo, hata la Sabato. Kinachowagawa ni kipimo cha kifo. Mwaka 1986 Baraza Kuu la Marabi wa Israeli liliruhusu upandikizaji wa moyo kwa masharti, likikubali kukoma kwa pumzi kunakotokana na kufa kwa shina la ubongo. Rabi Shlomo Zalman Auerbach, mmoja wa wakubwa wa zama zake, hakukubali. Wengine walifika mahali pagumu kutetewa: kupokea moyo kutoka kwa mwingine ni halali, kuutoa ni haramu. Sheria ya Israeli ya 2008 iliwapa kipaumbele kwenye foleni wale waliojiandikisha kutoa. Sitajifanya kwamba hilo ni jambo la kiteolojia. Ni serikali kuwaambia raia kwamba mkono wa kupokea na wa kutoa ni wa mtu mmoja.

Mashahidi wa Yehova walifananisha upandikizaji na kula nyama ya watu katika gazeti lao la Mnara wa Mlinzi la 1967, kisha mwaka 1980 wakaliachia dhamiri ya kila mtu. Damu ilibaki marufuku, kwa hiyo upasuaji wao hupangwa bila kuongezewa damu.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya padri na sheikh, mwenye mwili kwetu ni ukoo. Wakenya wa umri fulani watakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986: mjane alitaka amzike karibu na Nairobi, ukoo wake wa Umira Kager ukadai azikwe Nyalgunga, kijijini kwao, na baada ya miezi ya mahakama alizikwa Nyalgunga Mei 1987. Mahakama haikuwa ikizungumzia viungo. Hata hivyo ilionyesha nani husikilizwa maiti inapozungumziwa. Kadi ya kuchangia viungo katika mfuko wa marehemu ingekuwa na kazi nzito mbele ya wazee kama wale.

Hospitali zetu zimepita kando ya mgogoro huo. Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilipofuata 2018, watoaji walikuwa watu hai. Kwa mtoaji aliye hai, mjadala mzima wa ubongo hauna msaada. Fungua azimio namba 26 la Majmaa, la Jeddah, Februari 1988. Linaruhusu kiungo cha maiti kwa idhini yake au ya warithi. Linakataza kutoa moyo wa mtu hai, na pia kiungo ambacho kukosekana kwake kunaondoa kazi ya msingi ya mwili, kama konea zote mbili. Je, kama kinachopungua ni sehemu tu ya kazi hiyo? Azimio linasema suala hilo liendelee kuchunguzwa. Figo moja kati ya mbili inaangukia jirani kabisa na mstari huo. Wanazuoni wakubwa wa Saudia walikuwa wameshasema waziwazi mwaka 1982, azimio namba 99, kwamba aliye hai anaweza kumtolea mwenye dharura, na hiyo ndiyo nguzo ambayo masheikh wengi huegemea.

Wote wanakubaliana kwamba kiungo hakiuzwi na ridhaa iwe huru. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 nayo inadai ridhaa ya maandishi. Mwaka 2025 Serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret kufuatia madai ya biashara, na kila kiongozi wa dini alijua la kusema, maana kulaani soko ni rahisi. Hakuna azimio nililosoma linaloshughulika sawasawa na kikao cha familia: kaka mkubwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, shamba limeshauzwa, vipimo vimeonyesha kwamba mdogo wa mwisho ndiye anayelingana, na mama hasemi kitu, anamtazama tu. Mdogo anasaini. Karatasi inasema hakulazimishwa na mtu.

Madaktari wa sehemu nyingi wana njia yao. Mtoaji huhojiwa peke yake, na akisema hataki, familia huambiwa tu kwamba hafai kuchangia. Huo si uongo? Mkatoliki aliyelelewa kwa Agostino, aliyekataza uongo wa kila namna, atatafuta maneno yaliyo kweli, na yapo: asiyetaka hafai, kwa kuwa ridhaa ni sharti mojawapo la kufaa. Mwislamu atakumbuka hadithi kwamba si mwongo anayesuluhisha kati ya watu, na ataona daktari anazuia undugu usivunjike. Wanafika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, na kwa mdogo yule aliyekaa nje ya chumba cha daktari, kibali hicho cha kusema hapana bila kuitwa msaliti kina faida kubwa kuliko hotuba yoyote kuhusu ukarimu. Ningependa maaskofu na BAKWATA wakiandike.