Muhtasari wa Hati ya Udhamini kwa Mdhamini Mpya

Tanga, 3 Machi 2025

Mwalimu, shikamoo.

Karibu kwenye Bodi. Hapa nimefupisha hati ya mwaka 2014. Nakala kamili nimeiambatisha, na muhtasari ukipingana nayo, hati ndiyo inayofuatwa.

Mali ni nyumba ya Ngamiani yenye vyumba 8 na fremu 2 za maduka, pamoja na ekari 12 za michungwa Muheza. Bodi imesajiliwa RITA chini ya Sura ya 318, hivyo mali zote ziko kwa jina la Bodi. Haziingii katika mirathi yako wala yangu.

Wanufaika (kifungu cha 4) ni wajukuu wa mwanzilishi walio chini ya miaka 25. Kwa sasa wako 6. Kikibaki kitu, wanafuata yatima wa Muheza. Watoto wa mwanzilishi wenyewe hawamo. Watakuomba, hasa wakati wa msiba, lakini kifungu hakina mwanya.

Mamlaka (kifungu cha 6): kupangisha, kukusanya kodi, kukarabati, kuuza mavuno na kuweka akiba benki au kwenye hati fungani za Serikali. Kikao ni halali wakiwepo wadhamini 3 kati ya 5. Kuuza au kuweka rehani nyumba au shamba kunahitaji saini za wote 5.

Mgao (kifungu cha 9) ndio unaoleta mabishano, kwa hiyo naomba ukisome mara mbili. Baada ya kutoa gharama, mgao usizidi asilimia 60 ya mapato ya mwaka. Mwombaji alete barua ya udahili na matokeo ya mwaka uliopita, na fedha zilipwe moja kwa moja kwa chuo, shule au muuzaji wa vifaa. Hati inaruhusu “ada na mahitaji ya lazima ya masomo”. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilipoondolewa katika shule za serikali mwaka 2022, maombi yaligeukia godoro, sare na nauli ya kwenda bweni. Bodi huyakubali, nami naona ni sahihi. Simu tumeikataa mara mbili. Anayerudia mwaka kwa kufeli husimamishiwa mgao, aliyeugua husikilizwa.

Wajibu wako (kifungu cha 12): kuhudhuria vikao 4 kwa mwaka, kukagua hesabu kabla ya kuzisaini, na kutojinufaisha. Hakuna posho, nauli inarudishwa kwa risiti. Ukisaini malipo yasiyoruhusiwa ukijua, utayarudisha kutoka mfukoni mwako.

Kifungu cha 14 kinakugusa sasa hivi. Binti wa marehemu mdogo wako ni mjukuu wa mwanzilishi na ameomba ada ya VETA. Ana haki kamili ya kuomba, ila ombi lake likifika mezani utatoka nje, na katibu ataandika hivyo.

Mabadiliko ya wadhamini lazima yafike kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Tafadhali niletee nakala ya kitambulisho cha NIDA na picha 2 kabla ya kikao cha Jumamosi tarehe 15.

Wako mtiifu,
Wakili wa Bodi