Bro, menyu yako ya ruracio ya Jumamosi, soma yote kabla uanze kubishana

Nimeongea na mkeo, tumekubaliana mbuzi tatu zinachinjwa vile ulipanga na hakuna mtu anakunyima nyama, kwa hivyo tulia. Lakini Pasaka gauti ilikulaza na mguu juu ya mito mitatu, shuka likigusa kidole gumba unapiga nduru, na siwezi kukuona hivyo tena siku ya binti yako.

Nimekaa nikafikiria vile huwa unakula kwa sherehe, na shida yako haianzi mezani. Inaanza kwa jiko. Unasimama hapo na wazee tangu saa nne, maini yanatoka yakiwa moto unaonja, figo nayo unaonja, mutura inakatwakatwa kwa ubao unachukua vipande sita na chumvi, kikombe cha supu, bia ya kwanza, na bado chakula hakijapakuliwa! Na hizo ndizo zimejaa purini, ile kitu mwili unageuza kuwa asidi ya yuriki, ikizidi inaganda kama vichembe vya glasi ndani ya jointi. Supu ndiyo inadanganya watu sana, purini ya nyama na mifupa inatoka na kuingia kwa maji, sasa wewe unakunywa hayo maji.

Kwa hivyo utafika kwa jiko ukiwa umeshiba. Asubuhi saa mbili, uji wa wimbi, mayai mawili na glasi ya mala. Mayai na maziwa ziko chini kabisa kwa purini, na kahawa kunywa tu, haina shida na gauti.

Pale kwa jiko nitakuwekea sinia yako. Mayai pasua yenye kachumbari ndani, hizo hata wazee watakuibia. Halafu mishkaki ya panir, ile jibini nyeupe ya Wahindi, naitoa Ngara Ijumaa nailaza usiku kwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili, inapangwa kwa kijiti na hoho na vitunguu inaenda kwa makaa. Usicheke, inashika moshi vizuri sana na ukiwa nayo mkononi hakuna mtu atakuuliza mbona huli. Mahindi choma pia, na ndimu na pilipili.

Sasa nyama. Yako ni ya paja, isiyo na mafuta, saizi ya kiganja bila vidole, na unaila MEZANI. Nitaichemsha kwanza robo saa, yale maji namwaga (najua, najua, lakini si ya kunywa), halafu inapakwa viungo na kumalizikia kwa choma ikiwa laini. Kipande kimoja, si kimoja na kingine cha kuonja. Na kuku si njia ya kutorokea, inahesabiwa pale pale na mbuzi.

Pembeni jaza sahani: mukimo, njahi, chapati moja, sukuma, kachumbari na avokado nyingi. Ile stori ya kwamba maharagwe na spinachi zinaleta gauti achana nayo, purini ya mboga haijaonekana kuleta shida kama ile ya nyama. Njahi kula mpaka utosheke.

Vinywaji ndiyo tutagombana. Bia hapana, hata ile haina pombe bado ina purini, na muratina ya wazee pokea kwa heshima, gusa mdomo, pitisha. Usifikirie utahamia soda pia, sukari yake inapandisha asidi vile vile. Nimekuwekea kreti ya soda wota, ndimu na majani ya minti, kwa glasi refu yenye barafu inakaa kitu ya maana. Na maji, karibu lita tatu siku nzima, jua la Ruai likikukausha bila maji ndiyo usiku kidole kinaanza.

Zile tembe zako za kila siku usiruke eti kuna sherehe. Na ukianza kusikia kidole kinawaka moto kabla ya Jumamosi, nipigie, hiyo nyama yako yote naifanya mayai na panir, na wewe unaenda kuona daktari.

Jumapili asubuhi kijana wako hupika supu ya kichwa na miguu na iliyobaki. Nimeshamwambia hiyo sufuria iende kwa jirani. Wewe utapata githeri na chai.

Nakuja saa moja asubuhi. Nunua makaa gunia moja, hoho kilo mbili, na trei mbili za mayai, si moja.