Ukurasa mpya wa kujitoa: maandishi kamili ya kuweka kwenye programu

Wenzangu,

Maandishi ya mzazi kujitoa kwenye vifurushi vyetu vya masomo haya hapa, skrini mbili na meseji mbili. Nimeyajaza kwa mteja wa mfano: mzazi mwenye mtoto kidato cha nne, kifurushi cha Sh 9,000 kwa mwezi, analipia kwa simu, mara ya mwisho tarehe 14 Novemba 2025. Mfumo utabadilisha tarehe, kiasi na kidato kwa kila mtu. Maneno mengine naomba yabaki yalivyo.

Nimechagua kidato cha nne makusudi. Mtihani wa NECTA ukishaisha mwisho wa mwaka, wazazi wanajitoa kwa wingi na Desemba dawati la huduma halipumui. Watu hawa hawana ugomvi na sisi. Mtoto amemaliza, basi. Na ukurasa wetu wa sasa unawaaga hivi:

> Subiri! Kweli unataka mwanao abaki nyuma?
> [NABAKI KUMPIGANIA MWANANGU]
> hapana, sijali matokeo yake

Mstari wa mwisho ni wa kijivu juu ya kijivu. Ukiubonyeza unakutana na punguzo lenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Dakika kumi zikiisha inaanza upya. Nimeijaribu mara nne. Kisha unadaiwa sababu, kisha unaambiwa upige simu siku za kazi. Kujiunga tunakubali saa nane za usiku, kutoka mpaka ofisi ifunguliwe.

Wiki iliyopita dada wa dawati alinionyesha ujumbe wa mama mmoja: "Mwanangu alifariki Agosti. Nimebonyeza pale palipoandikwa sijali, sikuona pengine. Naomba mniondoe." Sina cha kuongeza juu ya huo.

Mkurugenzi ameuliza kama kuna sheria inayotulazimisha. Mifano niliyo nayo ni ya nje. Ujerumani, tangu 1 Julai 2022, aliyeuza huduma ya kulipiwa kila mwezi mtandaoni lazima aweke kitufe cha kujitoa mtandaoni hukohuko. Marekani, Septemba 2025, Amazon walikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya serikali iliyohusu kuwaingiza watu Prime bila ridhaa na kuwazungusha wakitaka kutoka. Sisi si Amazon na hakuna wakili aliyetuandikia barua. Lakini mzazi wa kidato cha nne ana mtoto mwingine kidato cha pili, na jirani yake anaye wa darasa la saba. Anavyotoka ndivyo atakavyotusimulia.

Neno moja la lugha kabla ya kuanza. Zamani tuliandika "Batilisha Usajili". Usajili kwa watu wengi ni wa laini ya simu, na kuna waliodhani tutawafungia namba. Wanaotuandikia wote wanasema "nataka kujitoa". Tumefuata wao.

---

SKRINI YA KWANZA

*(Njia: Akaunti yangu, Malipo, Jitoe. Kitufe cha Jitoe kionekane bila kushusha ukurasa.)*

Kujitoa kwenye kifurushi

Kifurushi chako: Kidato cha Nne, masomo yote
Bei: Sh 9,000 kwa mwezi
Ulilipa mara ya mwisho: 14 Novemba 2025, kwa simu

Ukijitoa leo, utaendelea kutumia kila kitu ulicholipia hadi Jumamosi 13 Desemba 2025, saa 5:59 usiku. Baada ya hapo hutalipa tena na hutadaiwa chochote.

[Jitoe]  [Jitoe na uzime meseji zote]  [Rudi nyuma]

Si lazima useme sababu. Huhitaji kupiga simu.

*(Vitufe vitatu, ukubwa mmoja, maandishi yanayosomeka juani kwenye simu ya bei ndogo. Cha pili kinazima pia vikumbusho vya masomo na meseji za "hongera, mwanao amefikisha somo la 20". Nilifikiria kuweka swali kuhusu msiba au ugonjwa, nikaliacha. Asiyetaka kueleza asilazimike kueleza ndipo ahudumiwe kistaarabu. Na saa iandikwe kwa Kiswahili. Mtu akiona 23:59 anapiga hesabu, na wengine wanaikosea.)*

Unalipaje?

Kwa simu (M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa). Kila mwezi huwa tunakutumia ombi la malipo, nawe unakubali kwa kuweka namba ya siri. Ukijitoa, ombi hilo halitakuja tena. Likija ombi lolote lenye jina letu baada ya kujitoa, usiweke namba ya siri. Lipuuze, kisha tuandikie.

Kwa kadi ya benki. Huwa tunakata wenyewe kila mwezi tarehe uliyojiunga. Jitoe kabla ya saa 6 usiku wa kuamkia tarehe hiyo. Ukichelewa na pesa ikakatwa, soma "Kurudishiwa pesa" hapo chini.

Kupitia Google Play. Hapa sisi hatuna uwezo wa kukuondoa, kwa sababu malipo yako yanashikwa na Google. Fungua anwani hii ukiwa umeingia kwa akaunti ileile uliyolipia, chagua jina la programu yetu, kisha bonyeza Cancel subscription:

```
https://play.google.com/store/account/subscriptions
```

Kufuta programu kwenye simu hakukuondoi. Google wataendelea kukata mpaka ujitoe kule.

*(Mteja wa Google Play asionyeshwe kitufe chetu cha Jitoe hata kidogo, aone maelezo haya juu kabisa. Kwa sasa anabonyeza, anaona "Asante", mwezi unaofuata anakatwa. Malalamiko makali kuliko yote kwenye faili la dawati yanatoka hapa.)*

Huenda unachotaka si kujitoa

Shule zimefungwa? Unaweza kusimamisha kifurushi kwa mwezi 1, 2 au 3 bila kulipa. Alama za mtoto zinabaki. Siku 3 kabla ya kuanza tena tutakutumia meseji, na usipoijibu hatutaanzisha malipo. [Simamisha]

Mtoto amepanda kidato? Badilisha kidato kwenye kifurushi hikihiki. Bei ni ileile, na siku ulizokwisha kulipia hazipotei. [Badilisha kidato]

Umekatwa mara mbili, au umekatwa usichokielewa? Kujitoa hakutarudisha pesa hiyo. Tutumie namba ya muamala iliyo kwenye meseji ya malipo, tutaitafuta. [Tuandikie]

*(Sehemu hii ikae chini ya vitufe, isije ikapandishwa juu yake. Pale juu inageuka kizuizi, hata maneno yawe mazuri namna gani. Na kusimamisha kusijirudishe kwenye malipo kimyakimya. Ndiyo maana nimeandika kwamba asipojibu hatuanzi. Najua tutapoteza wachache wanaosahau. Pesa ya mtu aliyesahau siitaki kwenye hesabu zetu.)*

*(Punguzo la kulipa Sh 6,000 badala ya 9,000 nimeliondoa. Kama bei hiyo inatutosha kwa anayeondoka, aliyelipa 9,000 mwaka mzima bila kunung'unika tumwambie nini? Mkitaka kushusha bei, tuishushe kwa wote, ukurasa wa bei.)*

Kurudishiwa pesa

Ukijitoa ndani ya siku 7 tangu ulipolipa, na hakuna somo lililofunguliwa ndani ya siku hizo, tunakurudishia Sh 9,000 zote kwenye namba au kadi uliyolipia. Inachukua hadi siku 3 za kazi. Aliyelipa kupitia Google Play anaomba kwa Google.

Kama siku 7 zimepita au masomo yamefunguliwa, haturudishi pesa ya mwezi huo, ila huduma haikatwi mpaka mwezi uishe.

Taarifa za mtoto

Majina, alama na majibu ya mazoezi tunayatunza kwa miezi 12 baada ya kifurushi kuisha, ili mkirudi mkute alipoishia. Baada ya hapo tunayafuta. Ukitaka yafutwe sasa, bonyeza hapa, yakishafutwa hayarudi. [Futa taarifa za mtoto]

Unaweza kupakua alama zake kwanza, kwenye faili moja la kuchapisha. [Pakua alama]

Haki ya kuomba taarifa zifutwe ipo kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tusipokusikiliza, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

*(Kujitoa na kufuta taarifa ni vitu viwili. Mtu akijitoa tusimfutie chochote, wala tusimtishe kwamba "utapoteza kila kitu", maana si kweli.)*

---

SKRINI YA PILI

*(Inakuja mara tu mtu akibonyeza Jitoe. Hakuna "una uhakika?" katikati. Akikosea, kitufe cha kurudi kiko hapahapa.)*

Umejitoa.

Utatumia masomo hadi Jumamosi 13 Desemba 2025, saa 5:59 usiku. Hatutakutumia ombi lingine la malipo.

Kumbukumbu yako: KJ-20417. Tumekutumia pia kwa meseji. Itunze, ikitokea shida ya malipo, hiyo ndiyo itakayotuonyesha ulijitoa lini.

Umebonyeza kwa bahati mbaya? [Rudisha kifurushi]. Hutalipa sasa, malipo yataendelea 14 Desemba kama kawaida.

Ukipenda, tuambie kilichokufanya uondoke. Tunasoma zote, lakini hatutakupigia simu kukubembeleza.

[Andika hapa]  [Funga]

Asante kwa muda mliokuwa nasi.

*(Nilikuwa nimeandika "tunamtakia mwanao kila la heri kwenye matokeo". Nikamkumbuka yule mama, nikafuta.)*

---

MESEJI YA KWANZA, papo hapo

```
Umejitoa kifurushi cha Kidato cha Nne. Utatumia hadi 13/12/2025. Hutalipa tena. Kumbukumbu KJ-20417. Msaada: fungua programu, bonyeza Tuandikie.
```

*(Haizidi herufi 160, kwa hiyo ni meseji moja. Iende hata kwa aliyezima meseji zote, maana ni risiti yake.)*

MESEJI YA PILI, siku 2 kabla ya mwisho

```
Kifurushi chako cha Kidato cha Nne kinaisha 13/12/2025 saa 5:59 usiku. Hakuna malipo. Kama unataka alama za mtoto, pakua kwenye Akaunti yangu.
```

*(Hii isiende kwa aliyezima meseji. Na ikishaenda, tumemaliza. Ile mifululizo ya "tumekukumbuka" ya siku ya 7, ya 14 na ya 30 naomba mhandisi aizime siku tutakayoweka ukurasa huu hewani, siyo awamu ya pili.)*

Bado nasubiri mambo mawili. Mhasibu athibitishe kwamba siku 3 za kurudisha pesa zinatosha hata wikiendi ikiingia katikati. Kama hazitoshi tuandike 5 na tuzitimize. Na dada wa dawati amsomee maandishi haya mzazi mmoja au wawili kwa simu, kwa sauti, bila kuwaonyesha skrini. Watakapouliza "maana yake nini?", pahala hapo nitapaandika upya.