Karibuni kikobani, wanachama wapya

Habari za jioni ndugu zetu. Mimi ni katibu, na kwa niaba ya wenzangu wa hapa Mbagala nawakaribisha kwa moyo mmoja. Someni hadi mwisho, tafadhali.

*Siku za kuchangia:* Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, saa 10 kamili jioni, barazani kwa mwenyekiti. Hisa moja ni shilingi 5,000. Kila kikao unanunua kuanzia moja hadi tano. Mfuko wa jamii ni 2,000, hiyo haina mjadala, maana ndiyo inayotufikisha msibani na hospitali. Marejesho ya mkopo ni Jumamosi ya tatu. Desemba tunavunja kikoba na kila mtu anapata mgao kulingana na hisa zake.

Ukiwa safarini, tuma kwa M-Pesa ya mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 2 usiku, kisha weka hapa ujumbe wa muamala. Ukichelewesha hisa faini ni 2,000, ukichelewa kikao ni 1,000. Ukiona mambo yamekubana, mwambie mweka hazina mapema. Tunasikilizana.

Namba ya kutumia ni ile moja tu iliyoandikwa kwenye daftari lako la hisa. Hatubadilishi namba kupitia kundi hili, hata ujumbe utoke kwenye simu yangu. Mwaka jana dada yetu mmoja aliletewa "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma 25,000 akidhani ni sisi. Alikuja kikaoni analia, na hela haikurudi. Kwa hiyo jina likitokea tofauti na la mweka hazina, usiweke namba ya siri. Piga simu kwanza.

Humu ndani tunaongea mambo ya kikoba, misiba, wagonjwa na sherehe zetu. Siasa, mabishano ya dini na ujumbe wa kusambazwa, hapana. Biashara yako itangaze Jumapili, tutakuungisha. Baada ya saa 3 usiku tuache simu zipumzike, isipokuwa kuna dharura.

Na hili nawaomba sana: deni la mtu halitajwi hapa. Mweka hazina atamfuata mhusika mwenyewe, pembeni, kwa staha. Kuna mama aliwahi kutuhama kwa aibu ya siku moja tu, na bado inatuuma. Malalamiko ya hesabu lete kikaoni, sanduku linafunguliwa mbele ya wote, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na fedha zinahesabiwa kwa sauti.

Jumamosi hii njoo na nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha mbili za pasipoti na kiingilio 10,000. Kwa sasa andika hapa jina lako kamili na jina la mrithi wako, nianze kuandaa madaftari.