Ripoti ya Tofauti za Stoo: Ghala la Nyakato, Hesabu ya Septemba 2025

KWENDA: Meneja wa Fedha
KUTOKA: Mhasibu wa Stoo, Ghala la Nyakato, Mwanza
TAREHE: 1 Oktoba 2025
YAH: TOFAUTI KATI YA LEDJA NA MZIGO ULIOPO GHALANI

Ndugu Meneja,

Hesabu ilifanyika Jumamosi 27 na Jumapili 28 Septemba, baada ya kufunga utoaji wa mzigo Ijumaa saa 12 jioni. Watu wawili walihesabu kila bidhaa, kila mmoja na karatasi yake isiyo na namba ya ledja. Walipotofautiana, rundo lilihesabiwa upya. Bidhaa ambazo hazimo kwenye jedwali zililingana, zikiwemo nondo zote za milimita 16.

| Bidhaa | Ledja | Ghalani | Tofauti | Bei ya kununulia (sh) | Thamani (sh) |
|---|---|---|---|---|---|
| Saruji, mfuko kilo 50 | 1,864 | 1,779 | −85 | 15,500 | −1,317,500 |
| Nondo mm 12 | 1,406 | 1,372 | −34 | 21,000 | −714,000 |
| Nondo mm 10 | 655 | 676 | +21 | 14,500 | +304,500 |
| Bati geji 30, mita 3 | 1,120 | 1,102 | −18 | 19,000 | −342,000 |
| Rangi nyeupe, ndoo lita 20 | 96 | 90 | −6 | 68,000 | −408,000 |
| Misumari inchi 3 (kilo) | 438.0 | 417.5 | −20.5 | 3,200 | −65,600 |
| Jumla | | | | | −2,542,600 |

Naomba kiasi hiki kisifutwe chote kwa mkupuo. Sh 1,235,000 ni makosa ya karatasi tu. Hasara halisi ni sh 1,307,600, na sehemu yake kubwa ina chanzo tunachoweza kukionyesha kwa mkono.

Saruji

Mifuko 40 ilipakiwa tarehe 25 Septemba kwenda Kirumba Mwaloni kwa mteja wa Ukerewe. Delivari ipo na imesainiwa, lakini ankara haikukatwa. Hili si suala la stoo peke yake: mauzo ya sh 680,000 hayamo kwenye hesabu za Septemba na risiti ya EFD haijatolewa. Yashughulikiwe kwanza.

Mifuko 31 ipo ghalani lakini imeganda, na haimo kwenye 1,779. Tuliikuta safu ya chini kabisa, upande wa ukuta wa nyuma, imelazwa juu ya sakafu tupu. Ukiubonyeza mfuko kwa kidole gumba haubonyei, na ukiupasua unatoka mabonge yasiyovunjika mkononi. Sakafu inavuta unyevu, bati la juu ya kona hiyo lina tundu la msumari, na mzigo mpya umekuwa ukipangwa mbele ya wa zamani, kwa hiyo ile ya nyuma haikuguswa tangu Mei. Hata bila maji, saruji iliyokaa zaidi ya miezi 3 huanza kupoteza nguvu. Isiuzwe hata kwa bei ya kutupa, maana itaishia kwenye nguzo ya mtu.

Mifuko 14 haina maelezo. Dhana yangu ni upokeaji wa tarehe 9 Septemba: lori la mifuko 600 lilishushwa saa 2 usiku na namba ikanakiliwa kutoka delivari ya msafirishaji. Hakuna karatasi ya kuhesabia iliyojazwa usiku ule, kwa hiyo siwezi kulithibitisha wala kumdai msafirishaji.

Nondo

Vipande 13 vya mm 12 havijawahi kufika. Tulinunua tani 9, na aliyepokea akazidisha kwa vipande 95 kwa tani, akaingiza 855. Delivari ya kiwanda inasema vipande 842, na ndiyo sahihi: nondo ya mm 12 ina kilo 0.888 kwa mita, kwa urefu wa mita 12 ni kilo 10.66, hivyo tani haizidi vipande 94. Tulilipa kwa uzito, kwa hiyo fedha haikupotea. Ledja ndiyo irekebishwe.

Vipande 21 vilivyobaki ni mchanganyiko wa saizi. Mm 12 imepungua 21 na mm 10 imezidi 21. Wakati wa kuhesabu tulikuta vipande 9 vya mm 10 kwenye kitanda cha mm 12. Vikishaota kutu jicho haliwezi kuvitofautisha. Tulivitambua kwa mizani, kilo 7.4 dhidi ya 10.7. Mteja aliyepewa nene kwa bei ya nyembamba harudi kulalamika. Hasara ni tofauti ya bei, sh 6,500 kwa kipande, jumla sh 136,500.

Mabati, misumari, rangi

Mabati 18 yalikwenda Nansio kwa delivari ya tarehe 24, ankara ikaingizwa tarehe 29. Limekwisha.

Mizani ya kaunta inaonyesha kilo 4.90 ukiweka jiwe la kilo 5. Kwa kilo 612 za misumari zilizouzwa kwa rejareja tangu hesabu ya Juni, mteja amezidishiwa takriban kilo 12.5. Kilo 8 zilizobaki ni za kumwagika na maboksi yaliyopasuka. Mizani isitumike tena hadi Wakala wa Vipimo waikague na kuipiga muhuri.

Rangi ndiyo inayonisumbua. Ndoo 6, rangi moja, hakuna iliyovuja, hakuna delivari, hakuna mkopo ulioandikwa. Sina ushahidi dhidi ya mtu yeyote na sipendekezi mtunza stoo akatwe mshahara, kwa sababu funguo za chumba cha rangi ziko mikononi mwa watu watatu.

Udhibiti ninaoupendekeza

Kubwa kuliko yote: mzigo usitoke getini kabla ya karatasi. Mlinzi apewe nakala ya tatu ya delivari yenye namba ya risiti ya EFD, au saini yako kama ni mkopo, ahesabu kilichopakiwa, asaini, na nakala hizo ziletwe kwangu kila asubuhi nizilinganishe na ankara. Ile mifuko 40 ingeonekana kesho yake.

Anayetoa mzigo asiwe anayeingiza ledja. Kwa sasa ni mtu mmoja, na akikosea hakuna wa kumwona.

Upokeaji uishe saa 11 jioni. Lori likichelewa lilale na lakiri yake hadi asubuhi. Nondo ziingizwe kwa vipande vilivyohesabiwa, tani ibaki kwenye ankara. Ncha za mm 12 zipakwe rangi nyekundu na za mm 10 bluu siku ya kupokea, kila saizi na kitanda chake.

Saruji ipandishwe kwenye chaga, sentimita 30 kutoka ukutani, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na kila rundo liandikwe tarehe ya kuingia ili la zamani litoke kwanza. Mvua za vuli zinaanza, kwa hiyo tundu la bati lizibwe wiki hii. Chaga 40 kwa sh 18,000 ni sh 720,000. Mifuko 31 iliyoganda imegharimu sh 480,500 kwa robo moja.

Chumba cha rangi kibaki na funguo moja na daftari la kukabidhiana. Saruji, nondo na rangi zihesabiwe kila Ijumaa, nyingine kila mwisho wa mwezi.

Maamuzi ninayoomba kabla ya Jumatatu 6 Oktoba

1. Ankara ya mifuko 40 ikatwe, na ledja ya nondo mm 12 ipunguzwe vipande 13.
2. Kibali cha kufuta mifuko 31, baada ya kamati ya watu watatu kuiona, kuipiga picha na kusaini muhtasari kwa ajili ya mkaguzi.
3. Mifuko 14 na ndoo 6 (sh 625,000) zikae kwenye akaunti ya tofauti zinazochunguzwa hadi 31 Oktoba.
4. Sh 720,000 za chaga.

Karatasi za kuhesabia, delivari na picha zimeambatishwa.

Mhasibu wa Stoo