Somo la Jumamosi: Aliyeng'atwa na mbwa, aliyeumwa na nyoka

Wauguzi wenzangu kutoka Kimbiji, Pembamnazi, Msongola na Chanika, leo mafaili tunayaweka pembeni. Nataka tuongelee saa moja ya kwanza, wakati upo peke yako zamu na gari la rufaa bado liko barabarani.

Tuanze na mbwa. Mama anaingia na mtoto, kidonda cha shavu la mguu kimepakwa unga wa kahawa. Swali la kwanza mdomoni mwetu huwa "mbwa ni wa nani?" Hilo litasubiri. Mpeleke bombani. Sabuni ya mche, maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya ukutani. Bomba limekauka? Kata, ndoo na msaidizi wa kumimina. Mtoto atalia, mama atasema inatosha, endelea. Virusi vya kichaa cha mbwa vina utando wa mafuta na sabuni inauvunja, kwa hiyo kuosha kwenyewe ni tiba. Kisha paka povidoni ayodini.

Usishone. Nasema hivi kwa sababu mimi nilishona. Mwaka wangu wa pili kazini niliona shavu limechanika, nikataka lipone vizuri. Daktari alipofika alizikata nyuzi zote mbele yangu bila kusema neno. Sindano inasukuma virusi ndani zaidi, karibu na mishipa ya fahamu. Kama hapana budi kushona, imunoglobulini iingie kwanza, na nyuzi ziwe chache na zilegee.

Mbwa akilamba ngozi nzima isiyo na jeraha, osha tu. Akiparua bila damu kutoka, chanjo. Damu ikitoka, au mate yakifika kwenye kidonda, jicho au mdomo, ni chanjo pamoja na imunoglobulini inayochomwa ndani na pembeni ya jeraha. Zahanati haina imunoglobulini? Anza chanjo, toa rufaa; bado inafaa hadi siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. Chanjo ya ndani ya ngozi ni mililita 0.1 sehemu mbili, siku ya 0, 3 na 7. Ya msuli huchomwa begani, na mtoto chini ya miaka 2 pajani kwa mbele. Takoni kamwe! Ujauzito hauzuii chanjo. Mbwa akiwepo na ni mzima, afungwe aangaliwe siku 10, lakini mgonjwa asisubiri jibu la mbwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Nyoka sasa. Huku kwetu kuna kifutu, swila na koboko. Usimtume mtu kumsaka nyoka, utapata wagonjwa wawili. Soma mwili. Uvimbe na maumivu makali vinaashiria kifutu. Kope zikianza kulegea, mgonjwa akiinua kichwa nyuma ili akuone, sumu imefika kwenye mishipa ya fahamu. Pumzi ndiyo itakayofuata.

Mlaze, mtulize, vua pete, bangili na viatu, kisha funga banzi kiungo kisitikisike. Hakuna kuchanja wembe wala kunyonya. Jiwe jeusi najua lipo kila kijiji, na mwenye nalo huwa jirani yenu. Msigombane naye, liondoeni tu na muendelee. Akija na kipande cha kanga kimekazwa pajani, usikifungue kwa pupa. Weka kwanza dripu, andaa oksijeni na ambu, ndipo ulegeze polepole huku ukimtazama usoni.

Chora kwa kalamu mwisho wa uvimbe, andika saa pembeni. Mpe parasetamoli. Usimpe diklofenaki wala aspirini, zinaongeza damu kutoka, na sindano za msuli ziahirishe. Chukua mililita 2 za damu kwenye chupa ya kioo, safi na kavu, isiyowahi kuoshwa kwa sabuni. Iache dakika 20 bila kuigusa, kisha ilaze mara moja. Ikimwagika kama maji, damu haigandi. Chupa ya plastiki itakudanganya.

Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi. Dawa ya sumu haihitajiki hapo.

Dawa ya sumu ya nyoka ikitolewa, mtoto hupata dozi sawa na mtu mzima, kwani nyoka hapimi uzito. Adrenalini iwe imeshavutwa kwenye sirinji kabla: mtu mzima miligramu 0.5 msulini pajani, mtoto 0.01 kwa kilo.

Kwenye rufaa andika saa aliyoumwa, saa uliyolegeza kamba, na jibu la chupa. Akitapika au kope zimelegea, alazwe ubavu wa kushoto garini, na muuguzi apande naye akiwa na ambu.

Haya, chukueni banzi na vitenge vilivyo mezani. Wawili wawili, mmoja awe mgonjwa.